Duara Lenye Herufi B

Karatasi ilifika kijijini kabla ya mashine. Ilikuja na mifuko sita ya saruji na bolti nne ndefu zilizopakwa grisi, vyote vikafungiwa katika chumba cha Mwenyekiti, ambacho paa lake linavuja upande wa dirisha. Mimi nilikuwa Kasulu shuleni, kidato cha pili, sikujua lolote. Niliporudi likizo ya Juni nilikuta watu wanaizungumzia mashine ya kusaga kama familia inavyozungumzia posa: itakuja lini, italetwa na nani, itapokewaje.

Kijiji chetu ni kipya. Tulitolewa milimani tukapangwa kando ya barabara, nyumba kwa nyumba, na moja ya ahadi zilizotutoa huko ilikuwa hiyo mashine. Kabla yake ilikuwa ama uende na mzigo kichwani mpaka Kibondo mjini, ukalale kwa ndugu, ama usage kwa jiwe. Mama alikuwa anasaga kwa jiwe. Bega lake la kulia lilikuwa limeshuka kuliko la kushoto, na akimaliza kusaga alikuwa anakaa kwanza, mkono mapajani kama wa mtu mwingine, ndipo asonge ugali.

Nilipofika nyumbani sikuliona jiwe. Pale uani palikuwa na alama tu ya mahali lilipokaa miaka.

"Nimempa mama yako mdogo wa Kumsenga," mama alisema. "Lake lilipasuka. Kaja na baiskeli, wamelifunga nyuma kwa mpira, kubwa na mwana wake, lile dogo la kusagia."

"Na sisi?"

"Mashine inakuja, mwana wanje, mwanangu. Jiwe la nini?"

Mpaka mashine ifike, alikuwa anaazima jiwe la jirani, na jirani alikuwa hasemi kitu, ila kila mara alikuwa analifagia mama akishamaliza, hata kama mama amekwisha kulifagia.

Baba yangu ni mwashi. Alijifunza kwenye ujenzi wa misheni akiwa kijana, kwa kubeba matofali na kutazama. Kusoma anasoma Kiswahili polepole, namba anazijua vizuri. Lakini futi na mita hazimkai. Alianza kazi kwa futi, sasa kila kitu kinakuja kwa mita, na yeye amezichoka zote mbili. Kazi yake anaifanya kwa vijiti. Akiambiwa mlango uwe upana fulani, anapima mara moja tu, anakata kijiti cha urefu huo, na tangu hapo hapimi tena. Kijiti ndicho mlango. Kila nyumba aliyoijenga ina vijiti vyake vimechomekwa darini kwetu, vimefungwa kwa ukambaa. Watu wanamcheka, wanasema nyumba yetu ina kuni zisizopikiwa. Lakini milango yake inafunga.

Jumapili moja baada ya kanisa Mwenyekiti akaja na ile karatasi imekunjwa kwapani. Akaikunjua juu ya mkeka. Ilikuwa na maandishi ya Kiingereza na mistari ya buluu, na kipande kikubwa cha upande mmoja kilikuwa kimelowa mvua, wino umesambaa.

"Ndugu Fundi," akasema, "msingi wa mashine huu hapa. Wilayani wanasema lori likija likute saruji imekauka."

Baba aliitazama muda mrefu. Halafu akafanya kitu ambacho hakuwahi kukifanya mbele ya watu. Akaniita.

"Njoo usome. Wewe ndiye wa sekondari."

Mimi ni mtu wa aibu. Darasani najua jibu na sinyooshi mkono. Mwalimu akiniita, sauti inakwama na wenzangu wanaanza kucheka kabla sijasema. Ndiyo maana nina daftari hili, la kuandika nisiyoweza kuyasema. Lakini siku ile palikuwa na Mwenyekiti, wazee watatu, mama mlangoni, na baba kanisogezea kigoda kama mgeni. Nilikaa nikahisi masikio yanawaka.

Na kweli nilijua kitu. Mwalimu wetu wa jiografia alikuwa ametufundisha ramani muhula mzima. Alituambia: ukishika ramani, kitu cha kwanza tafuta skeli, iko chini. Bila skeli huna ramani, una picha. Aliyesahau alichapwa. Nikatazama chini, pembe ya kulia, ndani ya kisanduku: 1:20. Nikawaeleza, sauti yangu ikaanza kutoka, kwamba milimita moja kwenye karatasi ni milimita ishirini kwenye ardhi. Mwenyekiti akasema, "Mnaona," akiwaambia wazee, kana kwamba amenizaa yeye.

Chini ya kisanduku kile palikuwa na mstari mwingine wa Kiingereza. Niliusoma na kuuelewa: usipime kwenye karatasi, fuata namba zilizoandikwa. Nikawaambia na hilo. Na namba nyingi zilikuwapo. Jiwe la saruji, urefu milimita elfu moja na mia mbili, upana mia tisa, kina mia saba chini ya ardhi na kimo mia sita juu yake. Baba akaitikia kwa kichwa, hayo aliyaelewa.

"Na bolti?" akauliza.

Bolti zilikuwa zimechorwa kama nukta nne ndogo katikati ya jiwe, zimezungushiwa duara jembamba, na kwenye duara herufi B. Hazikuwa na namba hapo. Pembeni ya karatasi, upande uliolowa, palikuwa na mchoro mwingine wenye hiyo hiyo herufi B, bolti zile zile nne sasa ni kubwa, zinaonekana na nyuzi zake. Huko ndiko namba zilikoandikwa, na huko ndiko mvua ilikoingia. Kati ya bolti na bolti palibaki doa la buluu.

"Namba zimefutika," nikasema. "Tungeuliza Kasulu, au wilayani."

"Kuuliza ni wiki mbili," akasema Mwenyekiti. "Lori litatukuta tunauliza. Rula si unayo?"

Rula nilikuwa nayo, ya shule. Na tayari nilikuwa nimewaambia kuwa najua skeli. Nikapima kwenye ule mchoro mkubwa, kwa sababu ndio ulioonekana; zile nukta ndogo za katikati zilikuwa kama mavi ya inzi. Kutoka katikati ya bolti moja hadi katikati ya nyingine kwa urefu, milimita arobaini na mbili. Kwa upana, thelathini. Nikazidisha kwa ishirini. Mia nane na arobaini. Mia sita.

Baba alikata vijiti viwili vya mtete palepale. Akavilaza chini vikawa msalaba, akavitazama.

"Mashine gani hii," akasema, "imekaa miguu kama ng'ombe anayekojoa?"

Wazee wakacheka. Mama naye akacheka mlangoni.

"Mashine ya serikali si ya kitoto," akasema Mwenyekiti.

Baba hakucheka. Alinigeukia akaniuliza taratibu, kwa Kiha, ili wengine wasione kwamba anauliza: una hakika? Nikamjibu kwa Kiswahili, ili wote wasikie: "Ndivyo karatasi inavyosema."

Nimeliandika jibu hilo hapa kwa sababu nalikumbuka kuliko mengine yote.

Walichimba siku mbili. Baba akatengeneza fremu ya mbao yenye matundu manne, akapima matundu kwa vile vijiti, akaning'iniza bolti humo ili zimwagiwe zege zikiwa zimesimama wima. Siku ya kumwaga kijiji kizima kilikuja. Wanawake walileta maji kwa mitungi, vijana wakachanganya kokoto kwa majembe. Mwenyekiti alitoa hotuba fupi juu ya kujitegemea, na ndani ya hotuba akanitaja mimi. Alisema wako wanaosema mtoto wa kike akasome nini. Basi waje waone.

Mimi nilipewa kazi ya kushika karatasi isipeperuke. Niliitandaza juu ya mchanga, mawe manne kwenye pembe. Jua lilikuwa kali na lile doa lilikuwa limekauka, limekuwa jeupejeupe. Na chini ya mchoro mkubwa, chini ya ile herufi B, nikaona maandishi madogo ya mkono ambayo siku ya kwanza yalikuwa yamefunikwa na buluu. Skeli 1:10.

Niliyasoma mara tatu. Nikajiambia ni ishirini iliyofutika, lakini haikuwa ishirini. Nikajiambia karatasi moja haiwezi kuwa na skeli mbili. Mwalimu hajawahi kusema hivyo. Ramani ya Kasulu haina kona yenye skeli ya peke yake. Lakini nilikuwa nimeshajua. Ule mchoro ulikuwa mkubwa kuliko zile nukta. Kama bolti ni zile zile, na huku zimechorwa kubwa zaidi, basi skeli haiwezi kuwa moja. Mtoto wa darasa la nne angeliona.

Rula ilikuwa kwenye mfuko wa sketi yangu. Ningeweza kuinama nikapima zile nukta ndogo. Sikuinama. Niliogopa nitakachokiona.

Baba alikuwa hatua kumi kutoka nilipo, amevua shati, ameshika fremu ikae sawa, anawaambia vijana wamwage taratibu. Nilifungua mdomo. Kulikuwa na watu wengi sana kati yangu na yeye. Nilifikiri nitaanzaje, nitasema "baba, ngojeni," na wote watageuka, na Mwenyekiti amemaliza kunisifu sasa hivi. Nikasema moyoni, wakimaliza karai hili nitasema. Wakamaliza karai hilo. Likaja lingine. Zege likafunika bolti mpaka shingoni, na baba akalisawazisha kwa ubao, akarudi nyuma kuitazama kazi yake. Ilikuwa kazi nzuri. Ilikuwa sawa kama meza.

Nikaondoa yale mawe manne nikaikunja karatasi.

Lori lilikuja wiki ya tatu, siku mbili kabla sijarudi shuleni. Fundi mitambo aliyekuja nalo alikuwa mtu wa Ujiji, mwembamba, mwenye kofia ya kitambaa na maneno ya haraka. Watu waliimba. Mashine ilishushwa kwa magogo na kamba, ikasukumwa mpaka kando ya msingi, na hata kabla hawajaiinua kila mtu aliona. Miguu yake ingeingia yote minne katikati ya bolti, na nafasi ingebaki.

Nyimbo zilikatika kwa zamu, kutoka mbele kwenda nyuma, kadiri watu walivyoona.

Fundi alizunguka jiwe lile mara mbili. Akapima bolti kwa mkanda wake wa kupimia. "Mia nane na arobaini," akasema. "Mzee, umejenga kitanda cha bwana na bibi harusi. Mchoro uko wapi?"

Mwenyekiti akaleta karatasi. Yule fundi hakuhitaji muda. Aliilaza juu ya saruji, akaweka kidole pale pale nilipojua ataweka.

"Hiki kisanduku cha chini ni cha karatasi nzima. Moja kwa ishirini. Lakini duara hili lina herufi. Herufi maana yake ni kwamba hapa pamechukuliwa, pamekuzwa, pamechorwa pembeni. Na aliyekuza anakuandikia chini yake amekuza kiasi gani. Hii hapa, moja kwa kumi. Picha hii ina skeli yake, haifuati ya kisanduku." Akachukua rula. Ilikuwa yangu, sijui aliipata wapi, labda nilimpa. "Tena angalieni. Hata kama hukuona. Bolti hizi ni zile zile, mahali pawili. Huku kubwa, arobaini na mbili mara kumi: mia nne na ishirini. Huku ndogo," akainama akapima zile nukta, "ishirini na moja mara ishirini. Ngapi?"

Mimi nilijibu, kwa sauti ambayo hakuna aliyeisikia. Mia nne na ishirini.

"Mia nne na ishirini," akasema mwenyewe. "Mashahidi wawili, jibu moja. Wangetofautiana ungejua mmoja umemsoma vibaya. Na namba zikifutika hupimi kabisa, unatuma mtu kuuliza. Imeandikwa hapo chini. Nani alisoma?"

Baba alikuwa amesimama upande wa pili wa jiwe, mikono nyuma. Ninamjua. Nilitarajia atasema ni yeye. Ndivyo alivyo, mpaka dakika ile ningeapa.

"Mtoto," akasema. "Huyo. Mimi Kiingereza sijui."

Hakusema uongo. Hilo ndilo baya. Wote wakanitazama, na Mwenyekiti alikuwa wa kwanza kutazama pembeni. Yule fundi wa Ujiji akanitazama pia, akavua kofia akajikuna kichwa.

"Binti, ndiyo unajifunza," akasema. "Wakubwa ndio hawakupaswa." Ilikuwa huruma, na iliniuma kuliko matusi, maana alifikiri sikuiona ile moja kwa kumi.

Baba akauliza kama inawezekana kuvunja. Fundi akasema inawezekana: kuchimbua katikati kwa patasi, kukata zile bolti, kuweka nyingine, kumwaga upya, kungoja ikauke. Mifuko miwili ya saruji na mwezi mmoja. Saruji ilikuwa imekwisha, na ya kununua haikuwapo, si Kibondo wala Kasulu. Na mashine haiwezi kulala nje. Alikuwa na kijiji kingine kwenye orodha yake, mbele, ambacho msingi wake ulikuwa tayari na kilikuwa kinangoja mashine ya awamu inayofuata.

"Wataichukua hii," akasema. "Nyinyi mtapata ile yao."

Baba aliondoka pale akaenda nyumbani, akarudi na patasi na nyundo. Akapanda juu, akapiga magoti akaanza kuchimbua katikati ya jiwe lake mwenyewe. Alipiga kama mara ishirini. Zege lilikuwa zuri. Lilitoa vumbi tu. Hakuna aliyemzuia na hakuna aliyemsaidia. Nyuma yake vijana walikuwa wanaipandisha mashine kwenye lori kwa magogo yale yale.

Siku ya pili yake mama alijifunga khanga akasema anakwenda Kumsenga.

"Kufanya nini?" nikamuuliza, nami najua.

"Kuomba jiwe."

"Umempa. Utaliombaje?"

"Nitaliombaje," akasema, "kwa mdomo. Huo wangu unafunguka."

Sijui alijua nini. Hakuwahi kurudia maneno hayo, nami sikumuuliza. Labda aliniona siku ile ya zege, nimesimama na karatasi, mdomo wazi. Mama huwa ananitazama mimi wakati wengine wanatazama kazi.

Sasa ni Desemba, nimerudi likizo. Ile mashine nyingine haijaja. Mwenyekiti akiulizwa anasema suala liko wilayani. Mwezi uliopita mjomba alituma barua kutoka Kigoma, na baba hakunipa niisome. Alikwenda nayo kwa kijana wa jirani aliyeishia darasa la saba, akakaa naye chini ya ukuta akaisikiliza mpaka mwisho. Barua yenyewe ni ya Kiswahili. Angeweza kuisoma mwenyewe polepole.

Nilitaka kumwambia. Si kwamba nilikosea kuzidisha. Hilo analijua kila mtu mpaka Kumsenga. Nilitaka kumwambia kwamba niliiona kabla zege halijafika shingo za bolti. Nimeanza mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa anakula. Mara ya pili alikuwa anashusha vijiti darini, anachagua vya mlango wa nyumba ya mwalimu, na nikaviona vile viwili vya mtete vimefungwa pamoja na vingine, kwa ukambaa ule ule. Hakuvitupa. Nikatoka nje.

Mama mdogo alirudisha lile jiwe kubwa tu. Mwana wa jiwe alimbakiza, akasema mama atapata mwingine mtoni, na mama akapata, lakini hakai mkononi. Msingi wa baba uko pale kando ya barabara, sawa kama meza, una tundu dogo katikati aliloacha kwa patasi. Wanawake walianza kuanika mihogo juu yake. Halafu mama akaona kimo chake kinamfaa bega. Asubuhi analiweka jiwe pale, kati ya bolti nne, anasaga akiwa amesimama. Jana nilimpokea nikasaga mimi. Lile jiwe limeenea, na kila upande nafasi imebaki.